Shosti, usiilaumu mbegu, angalia mizizi kwanza

Tengeru, Arusha

Shosti wangu wa Kahe,

Habari za huko na joto lenu? Huku sisi bado tunavaa sweta asubuhi. Picha zako zote nimeziangalia, na ile voisi uliyotuma ukiwa na hasira nimeisikiliza mpaka mwisho, eti umeuziwa mbegu feki za nyanya na unataka urudi huku ukagombane na mwenye kitalu. Subiri kwanza. Mbegu feki haioti, au inaota unakuja kuona tofauti kwenye matunda huko mbele, lakini haiwezi ikaota vizuri ikafikisha majani matano alafu ikaamua kunyauka siku ya pili baada ya kuhamishiwa shamba. Hiyo miche yako imepata mshtuko wa kuhamishwa, na ukiniuliza mimi ulianzia barabarani kabla hata hujashika jembe.

Hebu fikiria safari yenyewe. Huku Tengeru tuko juu, mita 1,200 na kitu, huko kwenu Kahe ni kama 700 hivi. Hiyo miche ilikuwa chini ya neti ya kivuli, inamwagiliwa asubuhi na jioni, haijui upepo wala jua la saa saba, majani laini kama ya mchicha wa dukani. Ikapakiwa nyuma ya pikapu bila turubai, ikapigwa na upepo kuanzia Usa River mpaka Boma, zile tambarare za kule KIA unazijua zilivyo kavu, alafu ikafika kwako mchana na vijana wako wakaanza kupanda hapo hapo ili wawahi kuondoka. Kwa kweli ingekuwa ajabu isinyauke.

Sasa nikwambie kinachotokea, manake ukielewa hapa mengine yote yanakaa sawa. Mche haunywi maji kwa ile mizizi minene unayoiona kwa macho, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na vinyweleo vyembamba sana karibu na ncha za mizizi, na hivyo ukivitoa hewani jua likavipiga muda mfupi tu vinakauka, na ukivuta mche vinakatika vinabaki kwenye udongo. Majani yenyewe hayajui kama chini kumeharibika, yanaendelea kutoa maji kama kawaida, kwa hiyo yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia, ndo unaona mche umelala chini mchana. Mche ukijihami unafunga vile vitundu vya kwenye majani visitoe maji, lakini ukivifunga na chakula hautengenezi, ndo maana hata ule unaopona unakaa siku kadhaa umedumaa, haukui wala haufi. Hauendelei mpaka utoe mizizi mipya, na kwa nyanya hiyo ni kama siku tatu mpaka wiki hivi kama unyevu upo.

Miche ya trei ina unafuu kwa sababu inatoka na kibonge chake, ile piti iliyoshikana na mizizi, kwa hiyo mizizi haikatiki sana. Lakini kibonge nacho kina shida zake, na nahisi hapo ndo ulipokwama. Kwa zile siku za mwanzo mizizi yote bado iko ndani ya kibonge, haijatoka kuingia kwenye udongo wa shamba. Wewe unamwagilia kwa mfereji, mche uko juu ya tuta, maji yanapita chini, ukiangalia unaona udongo umelowa unasema maji yapo. Yapo ndio, ila sio pale mizizi ilipo. Alafu kwenye picha ya tatu naona kabisa ile piti mosi nyeusi ya kibonge imechungulia juu ya udongo. Piti ikiachwa wazi hivyo inanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa hewani, na ikishakauka kabisa inakataa maji, unamwaga yanateleza pembeni. Kibonge kinatakiwa kifunikwe na udongo wa shamba, sentimita moja au mbili juu yake, kisionekane kabisa.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujamlaumu mtu fanya hivi. Chagua mche mmoja ulionyauka sana, uchimbue kwa kijiko cha bustani pamoja na udongo wa pembeni, usiuvute, alafu kipasue kibonge katikati kwa mikono. Ukikuta ndani ni pakavu panapukutika wakati udongo wa nje una unyevu, jibu unalo. Ukikuta pana unyevu na kuna vincha vyeupe vimeanza kutokeza pembeni, basi hiyo miche imeshashika, iache. Ukikuta mizizi ya kahawia imejizungusha inafata umbo la tundu la trei, hiyo miche ilikaa kitaluni kupita muda wake, na hapo ndo utakuwa na haki ya kumsema yule muuzaji kidogo.

Ila usichanganye na mambo mengine. Mshtuko mche unalala mchana jioni unainuka, na mara nyingi shamba zima linakuwa hivyo kwa pamoja. Mche ukikutwa asubuhi umekatwa pale usawa wa udongo umelala pembeni, hao ni sota, wale viwavi wanaokata miche, fukua hapo hapo utamkuta kajikunja. Shina likiwa limesinyaa na kulainika pale chini ni ugonjwa wa kinyausi, mche huo hauponi. Na kama mmoja mmoja unanyauka ukiwa bado kijani na usiku hauinuki, kata shina, kitumbukize kipande kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa, baada ya dakika chache ukiona kama nyuzi za maziwa zinashuka huo ni mnyauko bakteria, na hapo shosti tutaongea mengine kabisa. Ile rangi nyeupe kama karatasi kwenye kingo za majani uliyonionyesha sio ugonjwa, ni jua limeyaunguza kwa sababu hayakuzoeshwa. Hayo majani hayarudi, we angalia jani changa la katikati, likiwa kijani na linafunguka mche upo.

Cha kufanya saivi ni maji kidogo kidogo pale pale shinani kwa keni, kama kikombe cha chai kwa kila mche, asubuhi na jioni kwa siku nne tano, polepole mpaka kibonge kilowane, hata kama siku ya zamu yako ya mfereji umeshafungulia. Chomeka vipande vya majani ya mgomba upande wa magharibi vizuie jua la mchana, uvitoe baada ya hizo siku. Na tafadhali usimsikilize anayekwambia unyunyizie yurea iamke haraka, mche hauna mizizi ya kuichukua, utauunguza tu. Hata mbolea ya DAP uliyoweka kwenye shimo naomba uniambie waliichanganya na udongo au waliitupia tu juu yake wakaweka mche, manake hata kifuniko kimoja cha soda cha hiyo mbolea kikigusana moja kwa moja na mizizi michanga kinaichoma, na kwa juu utaona kunyauka vile vile.

Sasa ile nusu ya pili ya miche uliyolipia, ambayo bado iko huku. Nimeshaongea na kitalu, wameitoa chini ya neti kuanzia jana. Wataiacha jua la asubuhi mpaka saa nne kwa siku mbili, alafu mpaka saa sita, baadae kutwa nzima, na maji wanapunguza, wanamwagilia mara moja asubuhi na wanasubiri majani yaonyeshe dalili ya kulegea kidogo ndo wanaongeza. Kulegea kidogo, sio kulala. Mbolea ya kukuzia wameacha kabisa. Huo ndo ukomazaji wenyewe, wiki moja mpaka siku kumi hivi zinatosha, jani linakuwa gumu zaidi na lina nta juu, shina linanenepa halirefuki, mche unaweka akiba ya chakula cha kutolea mizizi mipya. Utaiona tofauti, kijani chake kimekolea na shina lina uzambarau kidogo, ukipitisha kiganja juu ya trei inarudi wima haraka. Lakini wasizidishe pia, kuna watu wanaikausha mpaka shina linakuwa kama kijiti, mche wa hivyo unatoa maua ukiwa mfupi na hauji kuzaa vya maana.

Mi ningependa siku tatu nne za mwisho imalizie kwako, kwa sababu jua la Tengeru sio la Kahe, mche uliozoea huku bado huko utashangaa. Trei usiziweke chini kwenye udongo, zipandishe juu ya mbao au matofali chini yake papite hewa, mzizi ukichungulia kwenye tundu ukakutana na hewa unaishia hapo unaota matawi ndani, lakini trei ikikaa chini mizizi inaingia ardhini na siku ya kunyanyua unaikata yote.

Siku ya kupanda mwagilia trei vizuri kama saa moja kabla, mpaka maji yatoke chini, kibonge kikilowa kinateleza chenyewe. Vijana wasivute shina, wasukume kwa kidole kutoka chini ya tundu, na wakishika washike kibonge au jani, jani likichanika litaota lingine ila shina likibonyezwa mche umeisha. Watoe ile wanayopanda wakati huo tu, sio kuitandaza shamba zima ikae inasubiri juani wakati mwingine anachimba mashimo. Mashimo yawe tayari na yameloweshwa, muanze saa kumi na moja jioni, ikiwezekana muishie na giza. Ukibana udongo bana kwa vidole taratibu ili ugusane na kibonge, usikanyage kwa mguu kama niliowaona kwenye ile vidio yako.

Alafu umesema mwezi ujao unataka tikiti. Tikiti na matango hayapendi kabisa kuguswa mizizi, sio kama sukuma ambayo unang'oa unachomeka na inashika. We panda mbegu moja kwa moja shambani, usije ukaniletea kesi nyingine.

Gari la mizigo linatoka huku Ijumaa alfajiri, nimemwambia dereva afunike turubai na aache upenyo wa hewa, kreti zipangwe zisilaliane. Utafute mtu wa kupokea kabla ya saa tatu, na kivuli kiwe tayari. Na hiyo habari ya kibonge ulichopasua nipigie kesho, usiandike, mi kusoma mesej ndefu siwezi.

Msalimie baba watoto.

Wako wa Tengeru