Pilau ya silabi moja

Üsküdar, Istanbuli

Swahibu yangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikiwa jikoni. Kumbe kazi umeipata kweli! Basi pokea neno lako kwa Kituruki, maana ndilo utakalolisikia mpaka masikio yachoke siku ya kwanza kazini: hayırlı olsun.

Sasa nikujibu lile swali la pilau. Umeniandikia kwamba siku ya usaili yule mhandisi wa Kituruki alikushika mkono akakuambia "hayırlısı olsun", ukarudi nyumbani ukatangaza kazi imepatikana, mama akapika pilau, majirani wakala, kisha wiki tatu kimya. Ukadhani umedanganywa. Swahibu, hukudanganywa. Ulisikia silabi moja vibaya, na mimi mwenyewe silabi hiyo hiyo iliwahi kuniaibisha, nitakueleza.

Anza na neno lenyewe. "Hayır" ni ndugu wa "heri" yetu, wote watoto wa Kiarabu. Kile kipande "-lı" ni kama "-enye" ya kwetu, na "olsun" ni "na iwe". Kwa hiyo hayırlı olsun ni "na iwe yenye heri". Huambiwa mtu ambaye jambo lake limeshatimia: amepata kazi, amefungua duka, amenunua gari, amechumbia. Hapo kuna tofauti na "tebrikler", yaani hongera. Hongera inatazama nyuma, kwenye ulichokishinda. Hayırlı olsun inatazama mbele, kwenye miaka utakayokaa na jambo hilo.

Ongeza "-sı" sasa. Hayırlısı ni "lile lililo na heri". Hayırlısı olsun ni kusema: litakalokuwa na heri, hilo ndilo liwe. Huambiwa mtu anayesubiri. Amefanya usaili, amepeleka posa, anangoja majibu ya hospitali. Ndani yake kukosa pia kumo, kwa sababu pengine heri yako iko katika kukosa. Mhandisi wako alikuambia kwa adabu kabisa kwamba jambo bado halijaamuliwa. Pilau ile mliila mapema tu.

Aibu yangu ni hii. Kijana wa mama mwenye nyumba wangu alipata kazi Ankara. Sebule imejaa wageni, maana hapa watu huja nyumbani kwa ajili hiyo hasa. Ziara yenyewe wanaiita kwenda "hayırlı olsun". Mtu haji mikono mitupu: huleta boksi la baklava, au ua kwenye chungu. Nami nikaja na boksi langu, nikamshika kijana mkono, nikatamka kwa kujiamini: "Hayırlısı olsun!" Chumba kikanyamaza. Ni kama harusini umwambie bwana harusi, "Haya, tutaona Mungu atakavyopanga." Shangazi mmoja akacheka akaniokoa, akarudia neno sahihi taratibu huku akinitazama mdomo. Tangu siku hiyo najiuliza kwanza: jambo limekwisha kuwa, au bado? Likiwa bado, -sı. Likiwa limekuwa, naiacha.

(Na hili ulijue usije ukashtuka: neno "hayır" likisimama peke yake kama jibu maana yake ni "hapana". Ukiomba ruhusa ukajibiwa "hayır", usiitikie amin.)

Ile irabu isiyo na nukta, ı, usihangaike nayo sana. Ni kama i iliyovutwa nyuma ya mdomo. Ukisema "hayirli" kwa i yetu watakuelewa na watafurahi.

Siku ya kwanza watakaokuja mezani kwako watasema hayırlı olsun, nawe ujibu "sağ olun" au "teşekkür ederim", inatosha. Wazee wataongeza: "Allah utandırmasın", yaani Mungu asikutie aibu. Mimi dua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inataja kitu ambacho kila mtu mgeni kazini anakiogopa na hakisemi. Hapo jibu ni "amin". Siku ya pili usilitegemee tena lile neno, limeshafanya kazi yake. Kuanzia hapo ukimkuta mtu yuko kazini utamwambia "kolay gelsin", kazi ije kwa wepesi. Liweke pale pale tunapoweka "pole na kazi".

Umesema pia kwamba huenda wakakuleta huku kwa mafunzo ya miezi miwili. Sasa hapa wageni wengi hukosea, maana wakishajifunza hayırlı olsun hulipaka kila mahali. Msafiri haambiwi hivyo kwa safari ya kawaida. Huambiwa "hayırlı yolculuklar", safari za heri, au "yolun açık olsun", njia yako iwe wazi.

Nilivyoona mimi, siku yule kijana alipoondoka kwenda Ankara, maneno yaligawanywa kwa zamu na kila mtu alijua lake. Kijana, kwa kuwa ndiye anayekwenda, alisema "Allaha ısmarladık", tumewaacha kwa Mungu. Waliobaki wakajibu "güle güle", nenda ukicheka. Neno hilo ni la anayebaki tu. Ukilisema wewe unayeondoka, watoto watakucheka. Gari lilipoanza kusogea, mama akatoka na jagi la maji akayamwaga barabarani nyuma yake, akisema "su gibi git, su gibi gel": nenda kama maji, rudi kama maji. Yaani upite bila kizuizi, na kurudi kuwe hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu mno, viatu vikalowa.

Nilidhani shughuli imekwisha. Kumbe majirani wakageuka wakaanza kumwendea mama mmoja mmoja: "Allah kavuştursun", Mungu awakutanishe tena. Hilo ni la anayeachwa. Kwetu tunamshughulikia sana msafiri, tunamwombea, tunamfungia vitafunio, na yule aliyebaki mlangoni anapewa "pole" moja, kisha watu wanatawanyika. Pale nilimwona mama akisimama na jagi tupu mkononi, akiitikia amin kwa kila jirani, mpaka wa mwisho.

Jana jioni nilimsomea mama huyo habari zako, nikizitafsiri kwa Kituruki changu cha kubahatisha. Ile ya pilau alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akauliza: hiyo kazi, sasa imeshakuwa kweli? Nikamwambia imeshakuwa, barua ya ajira ameishika mkononi. Akaweka gilasi ya chai chini, akasema: "Hayırlı olsun. Allah utandırmasın."

Nikamwitikia amin kwa niaba yako.

Msalimie mama. Akikupikia pilau nyingine, safari hii ni halali.

Ni mimi, swahibu wako.