Uliza kabla hujajaza fomu

Salim mwanangu,

Dada yako amenisomea tangazo la ile kazi ya nyumba ya wazee hapo Leeds. Zamu tatu kwa wiki, saa nane kila zamu. Hizo ni saa 24, na viza yako ya uanafunzi inakuruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Nawe unasema utajaza fomu, mengine mtaelewana ukishapata. Hapana, baba. Uliza kwanza.

Miaka yangu yote wodini nimepanga zamu za wauguzi. Msimamizi akishaliandika jina lako kwenye ratiba, amekuhesabu. Ukimwambia leo kwamba zamu ya tatu huiwezi, atamtoa wapi mtu? Ukimwuliza mapema, bado ana nafasi ya kumpa mwingine, au atakwambia haiwezekani nawe utafute kwingine.

Wala usidhani zamu mbili zitakufaa. Maktaba unafanya saa sita, na saa za waajiri wote hujumlishwa: 16 na 6 ni 22. Wiki yao ni Jumatatu hadi Jumapili, na haifidiwi na wiki nyingine. Ukifanya 14 wiki hii na 26 ijayo, umevunja sharti, na viza inaweza kufutwa. Kwa hiyo ulizia kama wana zamu fupi. Ya saa nane moja na ya saa nne moja, pamoja na maktaba, ni 18. Hapo hata zamu ikichelewa kuisha hujaharibikiwa.

Mwandikie kwa ufupi yule aliyetajwa kwenye tangazo: "Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Naweza kufanya hadi saa 14 kwa wiki, isipokuwa Jumanne na Alhamisi ambapo nina vipindi. Je, nafasi hii yaweza kugawanywa, au ni lazima zamu zote tatu?" Usiandike kwamba una nafasi wakati wowote. Najua huruma yako, hujui kukataa. Walimu walikusifia hiyo, mimi inanikosesha usingizi.

Na usiwaahidi kufanya kutwa kuanzia Juni. Kwa nyinyi wa uzamili, miezi ya kuandika tasnifu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni ya masomo, hata kama wa shahada ya kwanza wamefunga. Chukua chuoni barua ya tarehe za muhula wako. Mwajiri ataihitaji hata hivyo.

Ada ya Mwanaidi nimeshalipa, usiiwazie. Fundi amebadilisha bati mbili za jikoni, bado upande wa choo. Baba yako anauliza kama koti ulilonunua linatosha kwa baridi ya huko; humjibu simu, kwa nini?

Wakikujibu, nitumie nione walivyosema. Fomu isubiri hadi hapo.

Mama yako