Mwanaidi, mwezi umeniumbua

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila usingizi umenihama tangu nipate ule ujumbe wako wa mstari mmoja: "Sura ya tisa, mbalamwezi imetoka wapi?" Miezi minne kimya, halafu ndiyo salamu gani hiyo! Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikachukua karatasi, nikahesabu, nikakuta umenishika pabaya.

Nimeandika mwenyewe katika kitabu changu, kwa mkono wangu, kwamba Tandua, sikukuu ya kufungua uvuvi, huanza jioni mwezi unapoandama. Kisha usiku uleule Zaruma anaiba mashua ya baba yake katika mbalamwezi ya kusomea barua. Mwezi mwandamo, shoga! Kile kiuzi kinachofuatana na jua, na saa moja hivi baada ya magharibi chenyewe kimeshazama. Baada ya hapo ni kiza totoro. Mbalamwezi niliyoitaka ingekuja wiki mbili baadaye, mwezi mpevu unapochomoza huku jua linazama.

Kosa lenyewe dogo, chanzo chake ndicho kilichoniuma. Nilikuwa nabandika sikukuu kila nilipohitaji umati. Nataka wapenzi wakutane? Sikukuu. Nataka mtu achomwe kisu katikati ya ngoma? Sikukuu nyingine. Nilizihesabu zikafika kumi na nne, na ukizifuta zote hadithi haitikisiki, unapunguza ngoma tu. Basi nimebakisha tatu, na leo nakueleza hii moja, kwa sababu ndiyo imenifungulia kitabu.

Nimeanza na mto. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo Wanzori, watu wa hadithi yangu, nimewapa miezi ya siku 29 na 30 ikipokezana. Kumi na miwili inafanya siku 354. Lakini mafuriko ya mto wao hayana habari na mwezi, yanafuata jua, na mwaka wa jua ni siku 365 na kidogo. Pengo siku 11. Mwaka wa kwanza hakuna anayeshtuka. Kufikia mwaka wa tatu pengo ni siku 33, Tandua imewahi kwa mwezi mzima, na nyavu zinashushwa wakati samaki bado wana mayai. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu lazima mwezi wa kumi na tatu uingizwe. Hesabu nzuri ipo, ya miezi saba ya ziada katika kila miaka 19, ila Wanzori nimewanyima makusudi. Wakiwa na jedwali, kila mtu atajua mapema na mimi sina hadithi. Badala ya jedwali wana mtu.

Ndiye mtunza mwezi. Jioni ya mwisho ya mwezi wa kumi na mbili anateremka ukingoni, anavuliwa samaki jike mmoja, naye anampasua mbele ya watu. Mayai yakiwa yamejaa anasema, "Mwezi urudi," na watu wanakwenda kulala na njaa siku thelathini zaidi. Tumbo likiwa tupu, ngoma inapigwa na Tandua imeingia.

Sasa sikiliza. Nimeamua kwamba Tandua ndiyo siku ya madeni. Rehani isiyokombolewa mpaka ngoma ya kwanza inapolia, imekwenda. Mashua ya baba yake Zaruma iko rehani. Umeona? Mwezi ukirudi, baba anapata siku thelathini za kuhangaika. Usiporudi, mdai anaondoka na mashua usiku huohuo. Na kile kijiji chote kilichofunga uvuvi wiki kadhaa hakitaki hata kusikia habari ya mwezi wa kumi na tatu. Ule utumbo wa samaki sasa una thamani ya mashua, na mtunza mwezi ni mjomba wake Zaruma.

Usidhani nimezua kitu kisichowezekana. Roma ya kale waliokuwa na kazi ya kuingiza mwezi wa ziada ni makuhani, na makuhani hao walikuwa wanasiasa. Walishutumiwa kwa kuurefusha mwaka rafiki zao wakiwa madarakani na kuufupisha kwa mahasimu. Kalenda ikapotoka kiasi kwamba Julius Kaisari alipoirekebisha, mwaka wa 46 kabla ya Kristo ulibidi uwe na siku 445. Hebu fikiria deni lililopangwa kulipwa "mwisho wa mwaka" mwaka ule!

Kwa hiyo sikukuu naitazama sasa kwa maswali makavu: siku hiyo nini kimekatazwa, nini lazima kilipwe, nani analazimika kuja asikotaka. Vazi na wimbo nitavipata baadaye. Tandua inamleta mdai kijijini bila mimi kumsukuma. Inawakusanya wote ukingoni, kwa hiyo nyumba ziko tupu. Na kile kiza ulichonisuta nacho, shoga, ndicho kinachomwezesha Zaruma kuiba mashua! Kwenye mbalamwezi angeonekana na kijiji kizima. Nilikuwa nimejinyima mwenyewe.

Kilichobaki ni kuipanda mapema isinuke upangaji. Sura ya kwanza mama yake analalamika tu kwamba Tandua mwaka huu iko mbali. Sura ya nne mdai anasema, "Tutaonana ngoma ikilia," anacheka, mazungumzo yanaendelea. Sura ya saba watoto wanacheza mchezo wa kupasua samaki wa udongo na kugombana nani awe mtunza mwezi. Nilikuwa na ukurasa mzima wa bibi akimweleza Zaruma asili ya sikukuu, nimeuchana. Nani humweleza jirani yake sikukuu ambayo wote wamezaliwa wameikuta?

Rukia anataka niwape Wanzori wiki ya siku kumi, eti ina "ugeni". Mwambie Wafaransa waliijaribu kuanzia 1793, siku ya mapumziko ikawa moja katika kumi badala ya moja katika saba, na kufika mwanzo wa 1806 kalenda yote ilikuwa imeachwa. Akitaka ugeni na awape wiki hiyo na manung'uniko yake pia, maana hapo ndipo penye kisa. Mzee wa Koma yeye hajasema kitu, na kimya chake unakijua.

Ninapokwama ni tumbo la yule samaki. Kwanza nilimfanya mjomba adanganye waziwazi, ikawa nyepesi. Sasa nimeandika kwamba mayai ni nusu. Upande mmoja yamejaa, mwingine umelegea, vidole vyake vimelowa, watu wamemkodolea macho, na kwa kweli hajui. Halafu nikasimama hapo, siku nne sasa kalamu iko mezani.

Wewe ungemwacha aseme nini? Na akisema mwezi urudi, Zaruma ana haja gani tena ya kuiba mashua? Au aibe kabla mjomba hajafungua kinywa, wakati macho yote yako kwenye kisu? Mtoto aliyezaliwa mwezi wa kumi na tatu, miaka yake ahesabiwe vipi, au ndiyo awe mdai mwenyewe, mtu asiye na siku ya kuzaliwa? Utaisoma upya sura ya tisa nikikutumia Jumapili? Na ile homa ya mdogo wako imekwisha, au ndiyo iliyokunyamazisha miezi yote hii?

Nijibu hata kwa mstari mmoja, nimeshauzoea.

Wako,
Tatu