Barua ya Wazi kwa Gavana wa Lamu: Kabla ya Jina Kupanda Ubaoni

Mheshimiwa Gavana,

Assalaam alaykum.

Kamati ya kaunti inayojadili majina ya vituo vya umma ijue kwanza mipaka yake. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia kaunti vituo vya afya na chekechea. Shule za msingi na za upili, pamoja na uwanja wa ndege wa Manda, ni mambo ya serikali kuu. Kuyajadili hayo kwenye kikao cha kaunti ni kuteka maji kwa pakacha.

La pili ni muda. Mwaka 2002, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Berlin ulipendekeza kwamba mahali pasipewe jina la mtu aliye hai, na kila nchi itaje muda wa kungoja baada ya kifo. Bodi ya majina ya Marekani hungoja miaka 5; vibao vya buluu vya London hungoja 20. Sababu yake kila mmoja aliyewahi kukaa matangani anaijua: hapo hapana anayethubutu kumsema marehemu. Twapendekeza miaka 10.

Tuchukue mfano. Tuseme wodi ya wazazi ya Siyu imependekezewa jina la Mwana Kupona binti Msham. Alifariki karibu mwaka 1860, kwa hiyo muda si tatizo. Uhusiano wake na mahali upo: mumewe, Bwana Mataka, ndiye aliyeitawala Siyu na kuwapinga Mabusaidi wa Unguja. Ushahidi nao upo, utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa.

Hapa ndipo kamati nyingi hufunga faili, na hapo ndipo huvurunda. Utendi huo wamtaka mwanamke atafute radhi tano, ya mwisho ikiwa ya mume, na kuna kina mama watakaouliza kwa nini jina hilo liwe mlangoni pao. Swali hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na jibu, na wapewe siku 30 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Sisi tungelipitisha, kwa kuwa ni maneno ya mama kwa binti yake. Lakini tusiulizwe sisi pekee.

Kisha tahajia. Wengine huandika "Mwana Kupona", wengine "Mwanakupona". Azimio litaje moja, herufi kwa herufi. Fundi akishapaka ubao, makarani hunakili ubao, si azimio.

Mwisho, kila kituo kina nambari yake katika Orodha Kuu ya Vituo vya Afya. Nambari ibaki ileile. Libadilishwe jina tu. Siku hiyohiyo barua ziende benki, kwa msambazaji wa dawa na kwa bima ya afya. Ubao ukitangulia, madai yatatoka na jina jipya huku akaunti ikisoma la zamani, na malipo yatakwama. Kwa hiyo ubao uwe wa mwisho kupakwa.

Wako,
Wakazi wa Lamu tunaoshughulika na majina ya mahali