Hamira Ina Uhai, Ila Haivuki Oveni

Mteja akinunua hamira ya chenga dukani kwetu hapa Arusha, maswali mawili hufuatana. La kwanza: hizi chenga kavu kweli zina uhai? La pili: kama zina uhai, je, zinaendelea kuishi ndani ya mkate mpaka tumboni? La kwanza jibu ni ndiyo. La pili ni hapana, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayofanya donge la mtu ligome kuumuka, kwa hiyo tuieleze vizuri.

Hamira ni kuvu, ndugu wa mbali wa uyoga, ila mwili wake wote ni seli moja isiyoonekana kwa macho. Gramu moja ya hamira ina mabilioni ya seli hizo. Chakula chake ni sukari, na hata usipotia sukari kwenye donge hailali njaa, kwa sababu unga wa ngano uliolowa huanza wenyewe kugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Ikishakula, hutoa hewa ukaa, ambayo ndiyo inayolivimbisha donge, pamoja na kilevi kidogo kinacholeta ile harufu ya donge lililokaa. Bekin pauda haina mambo hayo. Ile ni kemikali tu, haili wala haizaliani.

Ukavu wa hamira ya dukani usikudanganye. Kiwandani imetolewa maji mpaka yakabaki kama asilimia 5, ikalala, kama mbegu ya mahindi inavyolala ghalani ikingoja mvua. Lakini mbegu iliyotunzwa vibaya haioti, na hamira ni vivyo hivyo. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu iliyo juu ya jiko hufa taratibu kwa joto na unyevu, na kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote. Ikunje mdomo, ifunge kwa raba, itie kwenye kopo lenye kifuniko, uiweke kwenye friji.

Sasa tuufuate mkate mmoja. Unga gramu 500, maji mililita 300, hamira vijiko 2 vya chai (kama gramu 6), chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Donge limekandwa, limeumuka, liko kwenye tini, na oveni ina nyuzi 200. Linapoingia, katikati yake pana nyuzi 28 hivi. Joto hupenya kutoka nje kwenda ndani, na mwanzoni hamira hulifurahia: ikifika nyuzi 35 hadi 40 hufanya kazi kwa kasi kuliko wakati wowote. Ndiyo maana mkate hupanda ghafla dakika za mwanzo. Ikipita nyuzi 50 hulegea, na kufikia 60 imekufa. Hamira ya pembeni hutangulia, ya katikati hufuata. Hewa iliyokwishatoa hubaki, hutanuka kwa joto na kusaidiana na mvuke kuusukuma mkate juu. Hapo hapo wanga hunyonya maji na kuvimba, na utando wa ngano hukakamaa. Vile vitundu unavyoviona kwenye kipande cha mkate ni mahali palipokuwa na mapovu ya hewa ya hamira, na wenye kuitoa hawapo tena.

Mkate ulioiva hufika nyuzi 90 na ushee katikati. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mkate wenye maji ndani hauwezi kupita hapo. Ukifuata maelekezo yanayotaka kipimajoto kisome 98 katikati, utausubiri mpaka ukauke. Sisi tunashauri uutoe kwenye 92 au 93. Moshi, walioko chini zaidi, wanaweza kuongeza nyuzi moja au mbili.

Mkate ukitoka na katikati inayonata kama ugali mbichi, watu husema hamira haikuiva. Kosa haliko kwa hamira. Katikati hapo huenda palifika nyuzi 70, hamira imeshakufa zamani, ila wanga haujamaliza kuiva. Kwa oveni ya mkaa, kisababishi cha kawaida ni makaa mengi juu ya kifuniko: ganda linakuwa kahawia mapema, mpishi anadhani kazi imeisha. Punguza makaa ya juu, acha ya chini, uongeze dakika 10. Kisha gonga kitako cha mkate kwa kidole. Ulioiva hutoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani.

Ukitaka kuyaona haya mwenyewe, chukua glasi tatu. Changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitatu vya maji ya bomba, utapata karibu nyuzi 40. Glasi ya kwanza tia maji hayo, nusu kijiko cha sukari na kijiko cha chai cha hamira. Ya pili tia vivyo hivyo, ila maji yawe yametoka kuchemka sasa hivi. Ya tatu tia maji ya vuguvugu, sukari na kipande cha mkate kilichofikichwa. Baada ya dakika 10 hadi 15 ya kwanza itakuwa na povu zito juu. Nyingine mbili zitabaki kimya. Ya pili ndiyo kosa tunaloliona zaidi kwa wateja: maji ya moto yameua hamira kabla haijagusa unga. Na kama ya kwanza nayo haikutoa povu, hamira yako ilikuwa imekufa tangu kwenye pakiti. Ukiiacha ya tatu siku mbili itaanza kutoa mapovu, lakini hao ni vijidudu walioingia kutoka hewani na kwenye vyombo, si hamira ya mkate.

Kwa hiyo mkate wa jana hauwezi kuumua donge la leo. Kinachoweza ni kipande cha donge bichi, kiasi cha ngumi, ukikitenga kabla ya kuoka na kukihifadhi kwenye friji kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo donge bichi si la kuonja, na mbwa asipewe kabisa. Tumbo lake lina joto linaloifaa hamira, donge litavimba humo na kutoa kilevi, na anaweza kufa.

Kuna kitu kimoja kinachovuka oveni, nacho watu hukisingizia hamira. Ni mbegu za bakteria fulani wa udongoni, wanaoingia na unga. Mbegu hizo hustahimili joto la katikati ya mkate, na mkate ukifungwa kwenye mfuko ungali moto, siku za joto, huamka. Baada ya siku moja au mbili mkate hunukia kama nanasi lililoiva kupita kiasi, ndani hulegea, na ukiuchana huvuta nyuzi kama za utando wa buibui. Mkate huo tupa wote, usikate sehemu. Sugua meza na tini kwa maji yenye siki, na donge linalofuata litie kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa kila gramu 500 za unga. Halafu acha mkate upoe juu ya waya saa mbili au tatu kabla ya kuufunga.