Mwanangu, umeisoma aya kuanzia katikati

Kondoa

Mwanangu Hamisi,

Barua yako nimeipata, na zabibu pia, ingawa za chini zilipondeka ndani ya basi. Umeniambia unataka kumposa mjane wa rafiki yako wa Hombolo, na kwamba aya imekuruhusu. Ukainukuu kuanzia "wawili, watatu, wanne". Baba, mbona umeanza katikati?

Aya ya tatu ya Suratun Nisaa inaanza na mayatima: mkiogopa kutowafanyia uadilifu. Na ile iliyo kabla yake inasema wapeni mayatima mali zao, msizile pamoja na mali zenu. Urwa alimuuliza mama yake mdogo, Bibi Aisha, wanne wanahusianaje na mayatima. Akamweleza: ni binti yatima aliye chini ya mlezi wake. Mlezi anapenda uzuri wake na mali yake, anataka kumwoa bila kumpa mahari kamili ya wenzake. Wakaambiwa wawatendee haki hao, la sivyo wawaache, waoe wanawake wengine. Na katika Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyemwoa yatima kwa sababu ya mtende wake, na yule yatima hakupata kitu kwa mume huyo.

Najua utasema, "Mama, mimi simwoi yatima, namwoa mama yao." Ni kweli. Lakini ekari mbili za mizabibu ni za wale watoto, na tangu baba yao afariki wewe ndiye unayeuza mavuno. Zabibu hizi ulizoniletea, zimetoka shamba la nani?

Halafu kuna mkeo Zuhura, ambaye barua yako nzima haikumtaja. Aya imesema mkiogopa kutofanya uadilifu, basi mmoja. Mimi niliolewa wa pili, hilo naweza kulisemea. Baba yako alikuwa akirudi na asali, anaimimina kwenye madebe mawili sebuleni, anainama kutazama usawa, anarudisha kijiko kimoja huku, kimoja kule. Tulimcheka. Usiku wa mama yako mkubwa hakuja kwangu hata siku niliyokuwa na homa, alimtuma mtu aniletee dawa. Moyo wake ulikuwa kule, sote tulijua. Aya ya 129 ya sura hiyohiyo imeshasema hamtaweza kuwa sawa hata mkipania, ila msielemee upande mmoja mkamwacha mwingine kama aliyetundikwa. Moyo haukuwekwa kwenye mizani, ila chakula, mavazi, nyumba na zamu ya kulala vimewekwa. Wewe kodi ya nyumba moja uliniomba nikusaidie mwezi wa Rajabu.

Kabla hujatuma mshenga, andika kwenye daftari kila kilo ya zabibu iliyouzwa tangu msiba, bei yake na fedha zilipo. Msomee mama yao mbele ya baba zao wadogo. Kisha umweleze Zuhura kwa mdomo wako, asisikie sokoni Majengo.

Daftari hilo uniletee na mimi. Nitakuwepo hapo Ijumaa, unipokee stendi.

Mama yako