Milioni 2.4 za klabu yetu si faida

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari ya klabu yetu ya hapa Ngamiani, kwamba "yavuna faida ya shilingi milioni 2.4", imenikalia kooni tangu siku ilipotoka. Mwandishi wenu simlaumu sana, kaandika alichosomewa ukumbini. Namlaumu aliyemsomea, na ninyi mlioliweka neno faida juu ya ukurasa kwa herufi za ukubwa wa papai.

Klabu ya wanachama sitini wanaolipa ada ili wapate mahali pa kucheza bao na kuozesha watoto wao haitafuti faida. Ikibakiza, ile ni ziada. Ikipelea, ni nakisi. Hilo la jina ningelimeza. Lisilomezeka ni kwamba hiyo milioni 2.4 si faida wala ziada. Ni salio tu, pesa iliyokutwa benki na kwenye kasha tarehe 31 Desemba.

Karatasi yenyewe tulitumiwa kwenye simu, imepigwa picha upogo na kidole gumba cha katibu kimefunika mstari wa mwisho. Juu imeandikwa "Mapato na Matumizi". Mstari wa kwanza: salio la mwaka jana, 900,000. Hapo hapo nikajua. Hesabu ya mapato na matumizi haianzi na salio, kwa kuwa pesa uliyoingia nayo mwaka si pato la mwaka huo. Inayoanza na salio na kuishia na salio ni hesabu ya mapokezi na malipo, yaani daftari la fedha lililofupishwa: kilichoingia mkononi na kilichotoka, kiwe cha mwaka upi na cha jambo gani. Huku kwetu kila shilingi inayoingia tunaiita pato, basi watu wanaandika jina la hesabu moja juu ya hesabu nyingine na hakuna anayestuka.

Sasa nieleze kilichonitoa barazani. Jioni ya siku ile ile gazeti lilipotoka, alinijia fundi aliyetuezekea paa la ukumbi mwezi wa Novemba. Mimi ndiye niliyempeleka klabuni. Alikuwa na gazeti kalikunja mara nne. "Shikamoo babu. Mnasema mna faida, mbona milioni yangu na nusu hamnipi?" Nilimkaribisha kahawa, sikuwa na jibu. Deni lake halimo kwenye ile karatasi hata kwa nukta, kwa sababu hajalipwa, na daftari la fedha halijui kitu ambacho hakijalipwa. Paa liko juu ya vichwa vyetu, mvua za vuli zimelipiga na halikuvuja, lakini kwa hesabu za klabu halijaezekwa.

Usiku nikachukua kalamu. Niliweka vitabu vya shamba la mkonge miaka ishirini na sita, mkono bado haujasahau. Kilichoingia, ukiacha salio, ni ada 3,900,000, kukodisha ukumbi 1,400,000, na mkopo wa 2,000,000 aliotukopesha mwanachama mmoja bila riba. Mkopo ni pesa ya mtu, atakuja kuichukua, kwa hiyo kwenye mapato haukai. Ada nazo zina mchanganyiko: 600,000 ni za mwaka uliotangulia zilizochelewa, na 300,000 ni za waliotanguliza za mwaka unaofuata. Za mwaka wenyewe zilizolipwa ni 3,000,000. Wanachama sitini kwa 60,000 kila mmoja walipaswa kuleta 3,600,000, maana yake watu kumi wanadaiwa, na majina yao nayajua. Katika hesabu ya mapato na matumizi unaandika hizo 3,600,000 kamili, kwa sababu ndiyo haki ya mwaka huo, anayelipa na asiyelipa. Ongeza ukumbi, mapato ni 5,000,000.

Upande wa pili karatasi inaonyesha viti mia moja vya plastiki kwa 2,500,000. Viti hivyo havikuliwa mwaka mmoja. Tukisema vitakaa miaka mitano, mwaka huo unabeba uchakavu wa 500,000 na vilivyobaki ni mali. Mlinzi kalipwa miezi kumi na mmoja, 2,200,000, na mshahara wa Desemba anadai. Gharama ya mwaka ni 2,400,000. Umeme na maji 600,000, havina deni, umeme wenyewe ni wa LUKU. Matengenezo yaliyolipwa ni 500,000, mtie na fundi wangu wa paa, yanakuwa 2,000,000. Jumlisha: 5,500,000. Mhariri, klabu mliyoisifu kwa faida ya milioni 2.4 ina nakisi ya laki tano.

Anayenibishia anipime kwa njia nyingine. Jengo tuliache, halina thamani yoyote vitabuni tangu enzi za wazee. Mwaka ulipoanza tulikuwa na 900,000 taslimu na 600,000 za ada tulizokuwa tunadai, mfuko wa klabu ni 1,500,000. Mwaka ulipoisha tuna taslimu 2,400,000, viti vya 2,000,000 na ada za kudai 600,000. Toa mkopo, toa fundi, toa 200,000 za mlinzi, toa 300,000 za waliotanguliza ada. Inabaki 1,000,000. Mfuko umepungua laki tano zile zile. Na kati ya wale wadaiwa kumi, wawili wamehamia Dar na simu hawapokei. Mhasibu mwenye hofu ya Mungu angefuta 120,000 zao, na nakisi ingezidi.

Simsingizii mtu wizi. Mhazini nilipomuuliza kanijibu, "Mzee, hesabu imefunga," na kweli imefunga hadi senti. Hesabu ya mapokezi na malipo kazi yake ndiyo hiyo, kukujulisha kama kuna aliyekula. Haikuambii kama klabu inajilisha.

Na mambo haya tungeyauliza lini? Mkutano mkuu uliitishwa saa tatu, mgeni rasmi akafika saa sita kasoro, akahutubia juu ya michezo na maadili ya vijana mpaka adhuhuri. Hesabu zikasomwa dakika nne, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini, na mwenye swali akatazamwa kama mtoto aliyelia msibani. Hivi klabu ya bao inamwalika mgeni rasmi wa nini? Hata ada halipi.

Pendekezo langu ni hili. Kila tarehe 31 Desemba, baada ya sala ya alasiri, mhazini akae ukumbini na wanachama wawili wasiokuwa wa kamati, wafungue kaunta buku, waandike kurasa nne: anayedaiwa ada, aliyetanguliza, anayetudai, na tulichonacho pamoja na umri wake. Kurasa hizo zisomwe kwanza kwenye mkutano, sufuria la pilau likiwa limefunikwa na ufunguo wa jikoni ninao mimi. Nanyi mkija kuandika, mwambieni mwandishi wenu atazame mstari wa kwanza. Akiona salio, asiandike faida.

Fundi kaniahidi atarudi Ijumaa.

Mwanachama wa Siku Nyingi,
Ngamiani, Tanga